Usiweke "soo" kwenye programu ya malipo

Swali: "Nimepewa nitafsiri kwa Kiswahili vifungu vifupi vya Kiingereza vya programu ya kutuma pesa, kama No worries!, You're all set na Oops!. Mteja anataka lugha ya vijana, itumike Dar na Nairobi. Nimeanza na 'Hakuna soo!'. Niendelee hivyo?"

Futa hiyo "Hakuna soo" kabla hujalala leo. Kwa kijana wa Dar, soo ni msala, aibu, jambo la kukuharibia. Kwa kijana wa Nairobi, soo ni shilingi mia. Soo mbili ni mia mbili. Sasa soma skrini yako kwa macho yake: muamala umekwama, simu inamwambia "Hakuna soo! Pesa yako iko salama." Mia haipo, halafu pesa iko salama? Atapiga simu huduma kwa wateja, na haki anayo.

Najua kwa sababu kazi kama hiyo ilipita mikononi mwangu ikiwa na neno hilohilo. Msimamizi wa mradi aliniambia "vijana ni vijana, Sheng na lugha ya mtaani ya Dar ni kitu kimoja," na aliyehakiki alikuwa wa Dar peke yake. Malalamiko ya Nairobi yalipokuja, nilirudia faili zima bila malipo, na msimamizi hakusema hata pole. Mpaka leo inaniuma. Mtu asiyejua kwamba elfu moja ni buku Dar na ni thao Nairobi asikupangie msamiati wa pesa.

Kwa hiyo usitafute neno la mtaani la No worries. Uliza kifungu kinafanya kazi gani pale kilipo. Hapa kinamtuliza mtu aliyeshtuka, na "Usijali, pesa yako iko salama" inatosha miji yote miwili. "Poa" nayo inaeleweka kote, lakini iweke mtu anapokubali jambo, usiiweke pesa yake ikiwa imekwama. You're all set ni "Akaunti yako iko tayari", basi.

Oops! haina mwenzake. "Lo!" ni ya vitabuni, "Ala!" inamgombeza mtumiaji. Iache kabisa, andika "Malipo hayajapita. Jaribu tena." Mteja akilalamika kwamba umeruka neno, mwandikie kwenye safu ya maelezo kuwa umeliacha kwa makusudi na sababu yake.

Kila neno la mtaani utakalobakiza, lionyeshe kijana mmoja wa Dar na mmoja wa Nairobi, kila mtu peke yake, likiwa ndani ya skrini yake. Usimuulize kama analipenda, atakwambia ni kali. Muulize: "Pesa yako imeenda wapi?" Wakijibu tofauti, neno hilo litoke.