Akikukonyeza kwa emoji, soma kwanza kilichotangulia

Jumatatu saa mbili usiku, karani wa ghala la korosho mjini Mtwara alipata ujumbe wa mhasibu wao: “Kesho usisahau orodha ya Newala 😉”. Akashika kile kikonyezo, maneno akayaacha. Akajibu: “Nimekuelewa siku nyingi. Kesho jioni tukae Shangani tuongee?” Tiki mbili zikageuka bluu. Jibu halikuja.

Ijumaa iliyopita karani huyo aliisahau orodha hiyohiyo, lori likakaa getini hadi mchana na ofisi nzima ikamcheka. Mhasibu alikuwa anamkumbusha kwa utani, na kile kijiuso alikiweka ili ukumbusho usisikike kama amri. Karani angefungua kundi lao la WhatsApp angeona kikonyezo hichohicho amewekewa dereva, na hata mlinzi ambaye mhasibu anamwamkia shikamoo. Mimi kipimo changu ni hicho: tazama nani mwingine anatumiwa. Kama wanatumiwa wote, hakikuhusu peke yako.

Jumanne asubuhi akafuta ujumbe wake. Hapo aliharibu zaidi, maana tiki za bluu zilishaonyesha umesomwa, na mahali pake pakabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa. Sasa ikaonekana kuna jambo la kuficha. Mhasibu, aliyezoea kumwita kwa jina, akaanza kumwambia “sawa kaka”. Huku kwetu neno hilo likija ghafla namna hiyo, ni ukuta umejengwa, na unapaswa kuuheshimu.

Jumatano na Alhamisi karani akamkwepa. Karatasi za uzito akazipitisha kwa kijana wa mizani, na gunia moja lililoandikwa kilo 08 badala ya 80 likapita bila mtu kuuliza. Aibu ikawa imeingia kwenye hesabu za wakulima, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ukifikia hapo, omba radhi mara moja, kwa ufupi, palepale ulipokosea. Usieleze ulivyokielewa kile kijiuso, kwani ukieleza unamtwisha yeye kosa. Usimtume mtu, wala usimuulize kama amekasirika. Ijumaa karani aliandika hivi: “Dada, Jumatatu nilikuelewa vibaya. Samahani, haitajirudia. Orodha ya Newala nakuletea saa nne.” Sentensi ya mwisho ndiyo yenye nguvu, kwa sababu inamwezesha kujibu kuhusu kazi bila kulazimika kugusa yale mengine.

Saa nne kamili akaipeleka mwenyewe, akaiweka mezani mlango ukiwa wazi, wenzao wakiwepo. Mhasibu akapitisha kalamu mstari kwa mstari, akasimama kwenye lile gunia. “Hii nane ni themanini?”

“Themanini.”

“Basi irekebishe, kisha usaini pembeni.”