Jina la kahawa ya Mbinga kwa wanunuzi wa Ujerumani na Japani

Swali: Mimi ni katibu wa AMCOS ya wakulima wa kahawa Litembo, wilayani Mbinga. Tumepata wanunuzi wa kahawa iliyokaangwa na kufungwa kwenye pakiti, mmoja Ujerumani na mwingine Japani. Wanachama wamependekeza majina manne: Ngoro, Mbinga Mist, Kilimanjaro Mbinga na Litembo. Tunataka jina linaloonyesha tunakotoka, ila lisimtoe jasho mgeni. Tuchague lipi?

Jibu: Ndugu Katibu, mimi ningechukua Litembo, kwa sharti moja nitakalolitaja baadaye.

Ngoro ni jina tamu kwenu, maana ndiyo kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Lakini sisi hutamka "ng" mwanzoni mwa neno bila kujua tunafanya kazi, wakati Mjerumani ataanza na irabu: "engoro". Hilo linavumilika. Kubwa zaidi ni kwamba mgeni atasoma Ngoro na kufikiria Ngorongoro. Kule nako kunalimwa kahawa, upande wa Karatu, kwa hiyo jina litampeleka mteja upande mwingine kabisa wa nchi.

Mbinga Mist liacheni leo hii. Kwa Kijerumani "Mist" ni samadi, na katika mazungumzo ni upuuzi. Mbinga peke yake si baya, ingawa Mjapani hawezi kuanza neno kwa "mb", hivyo ataingiza irabu na kupata "Mubinga".

Kilimanjaro linahitaji maelezo kidogo. Katika soko la Japani, Kilimanjaro si jina la mlima tu. Wafanyabiashara wa kahawa huko wameafikiana kuita hivyo arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba. Kwa hiyo mnunuzi wenu anaweza kabisa kutaka neno hilo kwenye pakiti, na kwa kanuni zao hatakuwa amedanganya. Mwacheni aliweke kwa herufi ndogo kama aina ya kahawa. Lisiwe chapa yenu, kwa sababu kila muuzaji wa kahawa ya Tanzania kule analitumia, na Mjerumani atakayeliona ataamini kahawa imetoka Moshi.

Sasa Litembo. Kila silabi inaishia kwa irabu, na "mb" iko katikati, ambako haisumbui ulimi wa mtu. Mjerumani ataisoma karibu kama ninyi. Mjapani hatofautishi "l" na "r", atasema "Ritembo". Msimwachie mchapaji wa huko abuni maandishi. Mpeni リテンボ ninyi wenyewe, yawe hayohayo kwenye kila pakiti na kila ankara. Wahabeshi wanaijua shida hii: jina la kahawa yao ya Yirgacheffe limeandikwa kwa tahajia nyingi sokoni, na anayelitafuta kwa tahajia moja huzikosa nyingine.

Sharti ni hili: punje zote ziwe za Litembo. Siku mkikosa mzigo mkaongezea kahawa ya kata jirani, lebo imekuwa ya uongo. Mkiona hilo litatokea, tumieni Matengo, linalobeba milima yote ya Umatengo. Nalo ni rahisi: Mjerumani atalisoma kwa mkondo wa "Mango" na "Tango" anayoyajua. Vyovyote mtakavyochagua, chini yake pawe na mstari mdogo: Mbinga, Tanzania. Litembo peke yake halimwambii mgeni kama ni Afrika au ni Italia.

Kuna kona ya sheria pia. Ofisi za alama za biashara hukataa jina la mahali ambalo wateja tayari wanalihusisha na bidhaa hiyo. Ethiopia ilipoomba kusajili Sidamo, Harrar na Yirgacheffe Marekani mwaka 2005, chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga Sidamo na Harrar, na makubaliano na Starbucks yalifikiwa 2007. Litembo halijulikani nje, na hapo ndipo lina nafuu. Hata hivyo, wekeni na mchoro wenu ndani ya alama, maana neno tupu la mahali ni dhaifu, na jirani yenu wa Litembo naye ana haki ya kusema anatoka Litembo.

Usajili wa BRELA unalinda Tanzania Bara tu. Mkiomba hapo katika kundi la 30, lenye kahawa na chai, mna miezi 6 ya kuomba Ujerumani na Japani huku mkihesabiwa tarehe ya ombi la kwanza. Kabla ya kulipa, tafuteni jina bure kwenye WIPO Global Brand Database, hifadhidata ya mtandaoni ya alama za biashara za nchi nyingi, pamoja na majina yanayolikaribia kwa sauti.

Halafu fanyeni jaribio hili kabla ya kuchapisha pakiti. Mtumieni mnunuzi jina kwa maandishi tu, bila kumtamkia, aombe wafanyakazi wenzake wachache walisome kwenye ujumbe wa sauti. Sauti hizo mpelekeeni mgeni mwingine ambaye hajaliona, aliandike alivyosikia. Akiandika "Litembo" au "Ritembo", chapisheni. Akiandika kila sauti jina tofauti, rudini kwa wanachama na Matengo mkononi.