Barua kwa mwanangu: salamu ya utani

"Mama, nimemwandikia rafiki yangu wa sekondari, 'Shikamoo babu, bado tu unavuta pumzi?' Akajibu, 'Nzuri, za kwako?' Amechukia au hana muda?"

Mwanangu mpendwa,

Mtu asiye na muda huandika "hahaha" akaenda zake. Huyu amejibu salamu ambayo hukumpa. Ukimpa rika lako shikamoo naye akaipokea, atakwambia, "Marahaba mjukuu wangu, ugoro umeniletea?" Hapo ameshakuwa babu na zamu ni yako. Rafiki yako ameiruka shikamoo, akaweka salamu ya kawaida mahali pake. Ameukataa utani kwa adabu.

Shikamoo yenyewe haina ubaya. Nahofia hiyo pumzi. Utani wa kifo una wenyewe: sisi Wapare na Wachaga ni watani, na mtani anaweza kuja msibani akamwigiza marehemu, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini yule yupo pale, anaona nyuso, anajua aliyelala ni nani. Wewe umeandika baada ya kimya kirefu, hujui nyumbani kwake kumepita nini.

Mwaka juzi nilimwandikia mwalimu mwenzangu wa zamani: "We Mchaga, umeadimika, bado unahesabu hela?" Siku zote angenirudishia kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Safari hii alijibu, "Nipo dada." Hilo "dada" ndilo lililonishtua, maana tangu tufahamiane ananiita "Mpare wewe". Mtu akiacha jina la utani akakuita kwa heshima, jua kuna jambo. Sikumwandikia "natania tu", kwa sababu neno hilo humfanya yeye ndiye aanze kukutuliza. Wala sikuongeza utani mwingine wa kuufunika ule wa kwanza. Niliandika, "Nisamehe kimya changu, dada. Mnaendeleaje hapo nyumbani?" Jioni akanipigia. Alikuwa anauguza mume, na hela nilizozitania zilikuwa zimeishia hospitali.

Kwa mtu mliyepoteana, afadhali utani ukae kwenye kitu chenu cha zamani: "Lile daftari la jiografia uliloazima kwangu, bado nalidai." Anajua mara moja ni wewe, na jibu analo tayari. Akitaka kucheka atasema panya walishalila. Asipotaka, hujamgusa mwili wake, umri wake wala riziki yake.

Sasa mjibu hivi, bila kikaragosi cha kucheka: "Za kwangu njema. Nilikukumbuka tu. Nyumbani hawajambo?" Kisha mwache, hata zile tiki zikiwa za bluu hadi kesho. Kama ni uchovu tu, atakurudia mwenyewe na kukuita mjukuu. Kama kuna msiba, nipigie kabla hujamwandikia tena, tujue tunampa pole vipi.

Mama yako