Alama ya kutoa imeishia wapi kwenye cosh?

"Wakuu, niko kidato cha sita hapa Dodoma. Ukidiferenshieti cos x unapata −sin x, mbona cosh x inatoa sinh x bila kutoa?"

Mkuu, anza na maana yake: cosh x = (eˣ + e⁻ˣ)/2. Ukidiferenshieti, eˣ haibadiliki, e⁻ˣ inageuka −e⁻ˣ. Unapata (eˣ − e⁻ˣ)/2, yaani sinh x. Rudia: ile kutoa inageuka kujumlisha, unarudi cosh x.

Sasa cos x = cosh(ix). Kwa kanuni ya mnyororo, i inatoka nje: i·sinh(ix). Lakini sinh(ix) = i·sin x, hivyo jibu ni i²·sin x = −sin x. Alama inatoka kwenye i² tu; cosh x haina i.

Wengi huichomeka kutoa kwa mazoea. Jipime kwa waya uliolegea kati ya nguzo mbili, y = 20cosh(x/20), nguzo zikiwa x = ±10 (mita). Mteremko ni sinh(x/20). Kwenye nguzo ya kulia ni sinh 0.5 ≈ 0.521, waya unapanda. Ukiweka −0.521, waya utakuwa unashuka kuelekea nguzo inayoushikilia!