Maswali na majibu: Umetuma tarehe au kiasi kilichokosewa

Nimewaandikia wajumbe kwamba kikao ni "Jumatano tarehe 15 Oktoba 2026". Tarehe iko sawa, nimekosea siku tu. Kila mtu ana kalenda kwenye simu. Kuna haja ya kuwasumbua tena?
*Katibu muhtasi, Dodoma*

Ipo, na utume leo hii. Tarehe 15 Oktoba 2026 ni Alhamisi. Jumatano ni tarehe 14, Siku ya Mwalimu Nyerere, na ofisi zimefungwa. Miongoni mwa wajumbe wako wapo walioshika siku na wapo walioshika tarehe, na hakuna anayejua mwenzake ameshika ipi. Atakayegundua kwamba siku na tarehe haviendani, mara nyingi hatakuuliza. Ataamua mwenyewe kipi ndicho sahihi, kisha atapanga safari yake kwa kufuata uamuzi huo. Mjumbe anayetoka mkoani akishakata tiketi, kosa lako limekuwa na gharama.

Andika hivi, wala usiongeze:

> Mada: MASAHIHISHO: Kikao cha bajeti ni ALHAMISI 15 Oktoba, si Jumatano
>
> Ndugu wajumbe,
>
> Kikao cha bajeti kitafanyika Alhamisi, tarehe 15 Oktoba 2026, saa 4:00 asubuhi. Katika barua pepe yangu ya tarehe 28 Septemba niliandika Jumatano kimakosa. Ukumbi, muda na ajenda havijabadilika. Kama ulimpelekea mtu mwingine ujumbe ule, tafadhali mpelekee na huu.
>
> Samahani kwa usumbufu.

Lililo sahihi linatangulia, hata kwenye mada, kwa sababu wengi watasoma mada peke yake. Kosa linatajwa kwa jina lake ili aliyelisoma alitambue. Ukituma siku mpya bila kusema ya zamani ilikuwa kosa, watu watadhani kikao kimesogezwa, au kwamba viko viwili. Sentensi ya yale ambayo hayakubadilika ndiyo wengi huiacha, halafu wanashinda mchana kutwa wakijibu simu za "na ukumbi je?".

Acheni pia kuandika "puuzeni ujumbe uliopita". Ujumbe uliopita una ajenda na viambatisho ambavyo watu bado wanavihitaji. Sema ni neno gani lifutwe.

Mawili ya kiufundi. Kama ulituma mwaliko wa kalenda, fungua uleule, urekebishe, kisha uusambaze upya. Ukitengeneza mwingine, ule wa kwanza unabaki kwenye simu za watu na utawakumbusha siku isiyo sahihi. Na kama baadhi ya wajumbe uliwaweka kwenye nakala iliyofichwa, usitegemee kitufe cha kujibu wote kitawafikia. Fungua ujumbe uliotumwa, angalia orodha yote, na uwaweke tena kwa mkono.

Kwenye kundi la WhatsApp niliandika mchango ni 50,000 badala ya 30,000. Nimerekebisha ujumbe palepale. Yameisha?
*Mweka hazina wa kikundi, Tanga*

Hayajaisha. WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15, na alama ya kuonyesha kwamba umerekebishwa inabaki pale. Lakini simu za wenzako hazilii tena. Aliyesoma 50,000 akafunga simu bado ana 50,000 kichwani. Aliyenakili ujumbe akaupeleka kundi lingine, nakala yake haibadiliki hata kidogo.

Rekebisha, sawa, halafu jibu ujumbe uleule kwa mstari mpya: "Masahihisho: mchango ni sh. 30,000, si 50,000. Aliyekwishatuma 50,000 nitamrudishia 20,000 leo kabla ya saa 12 jioni." Sentensi hiyo ya mwisho si ya hiari. Kosa la kiasi likishagusa pesa ya mtu, masahihisho yasiyosema pesa yake inarudi lini na kwa njia gani hayajakamilika.

Kufuta ujumbe kabisa ni vibaya zaidi. Wanachama wanabaki wakiona kwamba kitu kimefutwa, na kwenye kundi la fedha hilo peke yake linazaa maneno.

Niombe radhi kiasi gani?
*Afisa mwajiri, Arusha*

Sentensi moja, mwishoni.

Swali hili linakuja karibu kila wiki, na kila wiki mifano inayoambatanishwa inaanza na "Napenda kuchukua fursa hii kuomba radhi kwa dhati kutokana na usumbufu wote uliojitokeza". Simu ikilia, mpokeaji anaona maneno machache tu ya mwanzo kwenye kioo. Ukiyajaza radhi, tarehe sahihi inabaki ndani ambako hajafungua. Wala usieleze kwamba mtandao ulisumbua au ulikuwa na kazi nyingi. Anayesubiri usaili anataka kujua aje lini.

Nilimtumia mteja bei ya viti 40 kwa sh. 1,250,000 kabla ya VAT. Ilitakiwa 1,520,000. Namwandikiaje bila kuonekana napandisha bei?
*Muuza samani, Dar es Salaam*

Mpigie kwanza, kabla hujaandika chochote. Kinachoamua hapa ni kama ameshakubali au bado. Kama bado, unayo nafasi ya kurekebisha bei yako. Kama ameshakupa oda ya ununuzi kwa bei ile, ujumbe wako si masahihisho tena. Ni ombi, na anaweza kulikataa. Sheria ya Mikataba ya Tanzania haivunji makubaliano kwa sababu tu upande mmoja ulikosea hesabu zake. Kwa hiyo saa moja ya kusitasita inaweza kukugharimu tofauti yote.

Ukimaliza kuzungumza naye, andika. Hapa ndipo wengi hukosea mara ya pili, maana hurekebisha namba moja na kuacha zile zilizozaliwa nayo. VAT ya asilimia 18 na jumla zimebadilika pia. Bei ya kiti kimoja ni sh. 38,000, na mara 40 inakuwa 1,520,000. VAT yake ni 273,600, na jumla ni 1,793,600. Wewe ulimpa VAT 225,000 na jumla 1,475,000. Mteja atakayeona 1,520,000 peke yake anaweza kuilinganisha na ile 1,475,000 aliyoizoea, akaamini nyongeza ni 45,000. Siku ya kulipa ndipo mtagombana.

> Mada: MASAHIHISHO ya bei: viti 40, jumla sahihi ni sh. 1,793,600
>
> Ndugu mteja, kama tulivyozungumza kwa simu leo, jumla sahihi ya viti 40 ni sh. 1,793,600 pamoja na VAT, si sh. 1,475,000. Bei ya kiti ni sh. 38,000, viti 40 ni sh. 1,520,000, VAT ya asilimia 18 ni sh. 273,600. Katika bei niliyotuma tarehe 6 Oktoba niligeuza tarakimu mbili. Idadi, aina ya viti na siku ya kuwasilisha havijabadilika. Tafadhali nijulishe kama unaafiki kabla ya kutoa oda.

Hofu yako ya kuonekana unapandisha bei inatibiwa na bei ya kiti kimoja. Ukiionyesha, mteja anazidisha mwenyewe na kuona kosa lilikuwa wapi. Ukiificha ana haki ya kukushuku.

Kuna njia ya kukagua kosa la aina hii kabla hujatuma. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti kati ya namba sahihi na isiyo sahihi hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Hapa 1,520,000 ukitoa 1,250,000 unabaki na 270,000, yaani 9 mara 30,000. Hesabu zako mbili zikikataa kulingana na tofauti ikagawanyika kwa 9, anza kutafuta tarakimu zilizogeuka. Si uthibitisho kamili, kwa kuwa makosa mengine nayo huangukia hapo, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia.

Badilisha na jina la faili. Faili mbili zenye jina moja na bei mbili tofauti zitamchanganya mhasibu wa mteja. Na kama ulikuwa umeshatoa risiti ya EFD, barua pepe haiirekebishi. Hilo linakwenda kwa mhasibu wako, atoe hati ya kurekebisha ile ya kwanza.

Muhtasari wa kikao kilichopita una tarehe isiyo sahihi na ulishasambazwa. Nitume masahihisho?
*Katibu wa saccos, Moshi*

Hapana, isipokuwa kuna mtu atakayeitumia tarehe hiyo kabla ya kikao kijacho; vinginevyo irekebishwe kwenye kuthibitisha muhtasari, na marekebisho yaandikwe humo.

Nimetuma masahihisho, nayo yana kosa. Naona aibu kutuma mara ya tatu.
*Mratibu wa mafunzo, Mwanza*

Tuma. Ila safari hii usirekebishe masahihisho. Andika taarifa nzima upya, yenye siku, tarehe, saa na mahali, na useme wazi kwamba inachukua nafasi ya ujumbe wa tarehe fulani na wa tarehe fulani. Mtu asilazimike kufungua ujumbe mitatu na kuunganisha vipande. Kwenye mada weka "TAARIFA KAMILI".

Kosa la pili karibu siku zote linatokana na haraka. Unaligundua la kwanza, unashtuka, unaandika ndani ya dakika moja. Mpe mwenzako asome, na asiulizwe "iko sawa?" kwa sababu atasema ndiyo. Mwambie akusomee siku, tarehe na kiasi kwa sauti, wewe ukiangalia kalenda na hati ya awali. Kama unatumia Gmail, ongeza muda wa kutendua ujumbe hadi sekunde 30, ambao ndio mwisho wake. Makosa mengi huonekana mara tu baada ya kubonyeza.

Niliandika "saa 8:00" kwenye mkutano wa mtandaoni. Wa London wameingia asubuhi, wa Dar wamesema ni mchana.
*Msimamizi wa mradi, Zanzibar*

Wote wamekusoma sawasawa. Andika "saa 8:00 mchana (14:00) kwa saa za Afrika Mashariki", na kila kundi litajiwekea lake. "Saa 8" bila mchana wala usiku isitoke tena ofisini kwenu.

Nilimpa mteja namba ya akaunti iliyokosewa tarakimu moja. Naomba mfano wa ujumbe wa kusahihisha.
*Mhasibu msaidizi, Mombasa*

Ujumbe peke yake sitaki uutume. Barua pepe inayosema "akaunti tuliyokupa awali si sahihi, lipa kwenye hii" ndiyo hasa wanayoandika matapeli wakishaingia kwenye barua pepe za kampuni, na mteja makini atakataa kuifuata. Akiifuata bila kuuliza, umemzoesha kumwamini hata tapeli atakayekuja baadaye.

Mpigie mteja, na umwombe athibitishe kwa kukupigia yeye namba ya ofisi aliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyo ndani ya ujumbe wako mpya. Ndipo utume namba sahihi kwa barua yenye jina la benki, tawi na jina la akaunti kama lilivyosajiliwa. Kama ameshalipa kwenye namba isiyo sahihi, yeye ndiye wa kuiandikia benki yake, na afanye hivyo siku hiyohiyo akiwa na kumbukumbu ya muamala. Pesa ikiwa imeingia kwenye akaunti ya mtu mwingine na kutolewa, kuirudisha ni kazi kubwa.