Boksi la kila mwezi limechelewa mara mbili, naandikaje imeili ya kujitoa?

Boksi langu la vitabu limechelewa mwezi wa 3 na wa 4, nataka kujitoa, niandike nini?

Fungua kwanza vigezo na masharti, tafuta pale wanaposema boksi linafika lini na pale pa kusitisha. Soma neno kwa neno, maana "litatumwa kabla ya tarehe 10" na "litakufikia kabla ya tarehe 10" ni vitu viwili tofauti kabisa, likiwa hilo la kwanza watakwambia sisi tulituma mapema, aliyechelewa ni msafirishaji. Tuseme kipengele cha 4 kinasema litakufikia, na cha 9 kinataka taarifa ya maandishi siku 5 kabla ya makato. Andika hivi:

"Habari, naomba msitishe usajili wangu, oda namba (weka yako), kuanzia leo tarehe 24 Aprili. Kipengele cha 4 kinasema boksi litanifikia kabla ya tarehe 10. La Machi lilinifikia tarehe 19, la Aprili tarehe 22. Kwa kipengele cha 9, natoa taarifa siku 7 kabla ya makato ya tarehe 1 Mei. Msinikate tena, na naomba uthibitisho kwa maandishi."

Imetosha. Hasira weka pembeni, ukiandika "nimechoka na huduma yenu" utajibiwa pole na kuponi ya punguzo halafu tarehe 1 unakatwa kama kawa. Ambatanisha skrinshoti ya trakingi inayoonyesha siku lilipofika.

Si nifunge tu kadi yaishe?

Hapana aisee. Makato yatagoma ila kwao wewe bado ni mteja, na wengine wanakuandikia deni. Tuma imeili kwanza, wakithibitisha ndio uondoe kadi. Na kama kwenye akaunti yako kuna kitufe cha kusitisha kibonyeze pia, kuna masharti yanayotambua njia hiyo tu.

Mimi la vipodozi nililipia mwaka mzima, hela iliyobaki narudishiwa?

Hapa ndo pagumu. Watakuonyesha kipengele cha "malipo ya mwaka hayarudishwi", lakini mara nyingi hicho kimeandikwa kwa mtu aliyebadili mawazo, wakati wewe unasema wao ndio hawakutimiza cha kufikisha mzigo, kwa hiyo litaje hilo waziwazi. Dai maboksi ambayo hayajatumwa tu, taja idadi yake, uliyopokea ukayafungua yaache. Wakikataa waulize wanakataa kwa kipengele namba ngapi. Ila kama masharti yanasema tarehe ni makadirio tu, hoja yako inapungua nguvu sana, usijifanye hujakiona kipengele hicho maana watakitumia wao, bora uombe kusitisha na uzime kabisa kujirudia kwa malipo mwaka ukiisha.

Nimekuta masharti yamebadilishwa wiki hii, nitumie yapi?

Yaliyokuwepo boksi lilipochelewa. Tafuta imeili ya siku uliyojiunga, mara nyingi wanayaambatanisha humo, halafu kagua kama waliwahi kukutumia taarifa ya mabadiliko na inasema yanaanza tarehe gani.