Nimuulizeje anataka nini?

"Rafiki yangu kafanyiwa oparesheni ya tumbo jana, kesho naenda kumwona, nikifika nimwambie nini na nimbebee nini?"

Mpe pole, muulize usiku aliulalaje, stori ya ugonjwa kashawasimulia wote waliopita hapo. Sasa ukimuuliza "nikuletee nini" atasema usijali tu, kwa hiyo mpe vitu viwili achague, "nikuletee chaja yenye waya mrefu au kandambili?" maana soketi mara nyingi iko mbali na kitanda na kujinyoosha na mshono tumboni ni shughuli. Anayekwambia ubebe msosi yuko sahihi nusu, baada ya oparesheni ya tumbo wengine hawaruhusiwi kula mpaka daktari aseme, muulize nesi, sio mgonjwa, mwenye njaa atakwambia karuhusiwa 😅 Halafu muulize na ya nyumbani, nani anachukua watoto shule, nani ana funguo. Akianza kujibu neno moja moja, aga.

↳ Mi nilipolazwa sikutaka mtu kabisa, mpigie kwanza

↳ Kumpigia nako ni kumwamsha, tuma meseji